Unga mweupe kwenye tende: ni sukari au kuvu?

Nilikuwa nimeweka pakiti ya tende kwenye friji kwa miezi kama miwili. Siku nilipoifungua, karibu kila tende ilikuwa na madoa meupe, mengine juu ya ganda, mengine chini yake kama vipele. Nilitaka kutupa zote. Kabla sijatupa, nikachukua moja nikaisugua kwa kidole. Ilikwaruza kama mchanga laini.

Mkwaruzo huo ndio uliozinusuru. Tende ina sukari nyingi sana, na inapokaa muda mrefu au inapopoteza maji, sehemu ya sukari hiyo huganda ikawa chembe ngumu. Asali nayo hufanya vivyo hivyo. Tende laini ndizo hupatwa zaidi. Chembe hizo hazina madhara, ila tende huwa ngumu kidogo mdomoni.

Kuvu haikwaruzi. Ina manyoya kama pamba au vumbi laini, mara nyingi huanza nyeupe kisha ikageuka kijani, kijivu au nyeusi, na hunuka uvundo.

Kama macho na kidole havijakutosheleza, tumia maji ya moto. Niliweka tende moja kwenye kikombe, nikamimina maji ya moto kiasi cha kuifunika, nikaiacha dakika tano hivi. Madoa yakayeyuka, ganda likabaki la kahawia, safi. Sukari huyeyuka, kuvu hulowa tu ikajikunja, au huelea vipandevipande.

Lakini maji hayakuonyeshi kilichomo ndani, na hapa ndipo wengi hukosea. Ipasue tende kila mara, utoe kokwa na uangalie uwazi uliobaki. Katika pakiti yangu, tende mbili zilizokuwa safi kabisa kwa nje zilikuwa na unga mweusi kama masizi kuzunguka kokwa. Hiyo ni kuvu. Nyingine ilikuwa na harufu kali kama ya pombe au siki, yaani imeshachachuka. Zote tatu nilizitupa, pamoja na zilizokuwa zimegandamana nazo.

Tafadhali usikate sehemu yenye kuvu ukala iliyobaki. Tende ni laini, na nyuzi za kuvu hupenya ndani usikoona. Baadhi ya kuvu hutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo kuiosha au kuipika tende hiyo hakuifanyi iwe salama.

Zile zenye sukari tu nilizifukiza kwa mvuke dakika chache, zikarudi laini. Zile tulikula siku hiyohiyo, maana tende iliyolowa ikirudishwa kwenye chombo ndiyo huota kuvu kweli. Zilizobaki kavu nilizitia kwenye chombo kisichopitisha hewa.