Kumwachisha kazi dereva aliyeuza dizeli

"Kijana wangu ameiba na ushahidi ninao. Kesho namwita nimpe barua ya kufukuzwa. Niwe na nani, niseme nini, na tuachaneje bila matusi?"

Ndugu, hiyo barua usiisaini bado. Mimi niliwahi kuingia kwenye kikao cha mfanyakazi mmoja na barua kama hiyo imeshapigwa mhuri, inachungulia kwenye faili. Mwenzake aliyekuja naye akaiona: "Sasa mnatusikiliza kwa ajili gani?" Kwa afisa wa kazi hatukuwa na jibu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inataka mtu asikilizwe kabla hujaamua, hata kama kosa ni kubwa. Kampuni ilimlipa mshahara wa wiki nne, baada ya makato, kwa kosa hilo tu.

Tangu hapo nafanya vikao viwili. Mfano ni dereva wetu wa depo ya Malaba, lita 60 zilipopungua kwenye tangi. Tulimwandikia tuhuma, tarehe na hizo lita, tukampa siku tatu ajiandae. Barua ilikuwa ya Kiingereza cha wakili, na yeye ni mtu wa Arua anayeelewa Kiswahili, kwa hiyo nikamsomea yote kwa Kiswahili. Sheria inataka lugha anayoielewa. Tulikuwa meneja wa depo, mimi na karani wa kuandika kumbukumbu. Yeye alikuja na dereva mwenzake, maana ana haki ya kuja na mtu anayemtaka. Mlinda stoo alitoa ushahidi, akaulizwa maswali, akatoka. Askari hatukumweka chumbani.

Alisema tangi linavuja. Tukaahirisha, fundi akalikagua. Halikuwa na tundu.

Kikao cha pili kilikuwa cha dakika kumi, watu wale wale. Nilimwambia: "Kaka, juzi ulisema tangi linavuja. Fundi amelikagua, ni zima. Tumeamua kukuachisha kazi kuanzia leo kwa kuuza mafuta ya kampuni. Barua hii hapa." Kisha nikanyamaza. Usiseme "wakubwa wameamua", na usianze upya mabishano ya juzi. Alikataa kusaini, karani akaandika kwamba amepokea na amekataa, mashahidi wakasaini.

Halafu nikamweleza haki zake bila kungoja aulize: siku alizofanya kazi na likizo ambayo hajaenda zinalipwa ndani ya siku saba, akitaka cheti cha utumishi tutampa, na sababu ya kuachishwa haiandikwi humo mpaka mwenyewe aombe; na asiporidhika na uamuzi, ana miezi mitatu ya kwenda kwa afisa wa kazi. Wenye kampuni wengi hili la mwisho hulificha. Mimi naona bora alisikie kwako kuliko kwenye kibanda cha chai.

Tulichagua saa kumi jioni, malori yameshaondoka. Alirudisha funguo, akapanda mwenyewe kwenye kebini kuchukua blanketi na chupa yake ya chai. Meneja akamsindikiza hadi getini, wakapeana mkono.