Barua ya kuomba kibodi isiyoumiza mkono

"Ninaingiza ankara siku nzima ofisini Nairobi, na kifundo cha mkono wa kulia kinaniuma. Nimwandikie vipi meneja anipatie kibodi ya kunifaa?"

Ndugu, kabla ya kuandika, kunja vile vijiguu vya nyuma ya kibodi, kwa sababu huinua kibodi na kuukunja mkono kwa juu. Kisha angalia kama viganja vinaelekea nje, upande wa kidole kidogo, unapochapa. Ikiwa ndivyo, taja wazi kibodi iliyogawanyika katikati, ambayo huuacha mkono unyooke. Ukiomba "kibodi nzuri" tu, utaletewa ileile yenye rangi nyingine.

Kiini cha barua kiwe hivi: "Tangu tarehe 3 Machi napata maumivu ya kifundo cha mkono wa kulia, yanayoanza takriban saa tano asubuhi, baada ya saa tatu za kuchapa, na kupungua siku za mapumziko. Naomba kibodi iliyogawanyika, niijaribu kwa wiki 4, kisha nikupe taarifa."

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aifanye sehemu ya kazi imfae mfanyakazi. Itaje kwa sentensi moja, bila vitisho. Jina la ugonjwa usilitaje mpaka daktari alitaje. Ukihisi ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, nenda hospitali kwanza na uambatanishe maelezo ya daktari, kwani hapo kibodi peke yake huenda isitoshe.