Tanbihi Peke Yake Haikuokoi: Kueleza Hoja ya Mwanahistoria kwa Maneno Yako

Insha yangu ya kwanza ya utafiti ilimhusu Semei Kakungulu na maajenti wa Kiganda waliotawala Bukedi, mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Mhadhiri aliirudisha ikiwa imepigiwa mistari chini ya sentensi 11. Nilimfuata ofisini nikiamini amekosea, maana kila sentensi kati ya hizo ilikuwa na tanbihi. Akafungua kitabu nilichokitaja, akakilaza kando ya karatasi yangu, akaniambia, "Soma zote mbili kwa sauti." Sikufika sentensi ya tatu.

Ninyi mnaoanza mwaka huu, nawaonyesha nilichokiona pale. Sentensi hii nimeitunga mwenyewe, lakini ichukulieni kama ya mwanahistoria:

"Maajenti wa Kiganda hawakuwa watumishi tu wa Waingereza, walikuwa na malengo yao wenyewe, na utawala wa kikoloni uliwapa njia ya kuyafikia."

Mimi ningeandika hivi: "Mawakala wa Buganda hawakuwa vibarua tu wa wakoloni, walikuwa na shabaha zao binafsi, na serikali ya kikoloni iliwafungulia mlango wa kuzifikia." Kisha tanbihi. Maneno nimebadilisha karibu yote, lakini angalia mikato: imekaa palepale. Ukanusho umeanza, malengo yakafuata, njia ikaja mwisho, kama kwake. Tanbihi inamwambia msomaji kwamba wazo ni la mwanahistoria na sentensi ni yangu, na hilo la pili si kweli. Huo ni wizi wa maandishi hata kama jina lake liko chini ya ukurasa.

Kosa halianzii kwenye kuandika. Linaanzia kwenye daftari. Nilikuwa nikisoma nikiwa nimeshika kalamu, nanakili nusu sentensi hapa, nafupisha pale, na baada ya wiki mbili sikuweza tena kutofautisha maneno yangu na ya kitabu. Siku hizi kila ninachoandika kwenye daftari hupata herufi pembeni: N kwa nukuu neno kwa neno, na alama za kunukuu zikiwemo, F kwa ufafanuzi wangu wa hoja yake, W kwa wazo langu. Zote tatu zina namba ya ukurasa, hata W, kwa sababu wazo langu limezaliwa nikiwa ukurasa fulani.

Kwa F, ninafunga kitabu kabisa. Halafu namweleza mwenzangu wa chumbani hoja hiyo kwa Kiswahili, kama ninavyomweleza habari ya mpira. Insha zetu tunaziandika kwa Kiingereza, na vitabu vingi pia ni vya Kiingereza, kwa hiyo kupitia lugha nyingine kunavunja umbo la sentensi ya mwandishi. Ila usitafsiri ukurasa neno kwa neno kisha ukaurudisha, maana umbo litarudi nao. Ukishindwa kumweleza mwenzako, hujaielewa hoja, rudi usome. Ukimaliza kuandika, fungua kitabu uhakikishe hujampotosha mwandishi.

Hoja ileile sasa naiandika hivi: "Mwandishi huyu anapinga maelezo kwamba Waganda waliokwenda Bukedi walitekeleza maagizo ya Waingereza pekee. Kwake, tamaa ya Buganda na upanuzi wa ukoloni vilitegemeana. Hoja hii inanisaidia kuelewa juhudi za Kakungulu kujijengea mamlaka, lakini lazima pia tueleze kwa nini Waingereza walimpunguzia mamlaka hayo baadaye." Mpaka unaonekana: sentensi mbili zinabeba hoja yake, na tanbihi inakaa mwisho wa ya pili, ya tatu inabeba wazo langu. Tanbihi moja mwishoni mwa aya nzima ingeufuta mpaka huo.

Kuna maneno usiyoruhusiwa kuyabadilisha. Mwaka 1962 Andrew Roberts alichapisha makala akiuita upanuzi huo wa Waganda "ubeberu mdogo", kwa tafsiri yangu. Istilahi kama hiyo imebeba hoja nzima. Usiifiche nyuma ya kisawe. Iweke ndani ya alama za kunukuu na umtaje aliyeileta. Tarehe ya Mkataba wa Buganda, 1900, haihitaji tanbihi. Maelezo ya nani alifaidika nao, na kwa nini, yanahitaji.

Wizi uliokuwa mgumu zaidi kwangu kuukubali ni wa tanbihi zenyewe. Mwanahistoria ametaja barua iliyo kwenye nyaraka za Entebbe. Wewe unanakili marejeo hayo kana kwamba umeishika barua. Hukuishika. Andika barua hiyo, kisha "kama ilivyonukuliwa na", jina lake na ukurasa. Mhadhiri wangu aliniuliza swali moja tu kuhusu barua niliyokuwa nimeitaja: imeandikwa kwa mkono au kwa taipu?