Nimeishi nchi kadhaa: cheti cha polisi nakitoa wapi?

"Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, naomba ukaazi wa kudumu Kanada. Nimefanya kazi Katari, Dubai, na Zanzibar kwa misimu. Naambiwa nitoe cheti cha polisi cha kila nchi niliyowahi kukaa. Ni kila nchi kweli? Na hivi vya Ghuba, lazima nirudi huko?"

Waaleikum salaam dada. La, si kila nchi, na kurudi Ghuba si lazima. Mimi ni mtu wa Lamu, mpishi wa hoteli, na maombi yangu ya Kanada niliyatuma Machi 2023 nikiwa hapo hapo Malindi. Nakueleza njia niliyopita mwenyewe.

Kabla hujalipa hata shilingi, toa pasipoti zako zote, hata ile iliyokwisha muda, ukae na daftari uandike kila muhuri wa kuingia na wa kutoka. Kanada inataka cheti cha nchi uliyokaa miezi 6 au zaidi mfululizo, ndani ya miaka 10 iliyopita, ukiwa umeshatimiza miaka 18. Neno la kushika hapo ni mfululizo.

Hesabu yangu ilitoka hivi. Maskati nilikaa 2009 hadi 2011, ikawa nje ya miaka 10, basi haikuhitajika. Doha ni Aprili 2012 hadi Septemba 2016. Mwanzo wake uko nje lakini sehemu kubwa imo ndani, cheti kinatakiwa. Dubai ni Januari 2017 hadi Novemba 2019, nacho kinatakiwa. Zanzibar nilifanya misimu mitatu: miezi 5, nikarudi nyumbani, miezi 5 tena, nikarudi, halafu miezi 4. Ukijumlisha ni miezi 14, ila hakuna kipande kimoja kilichofika miezi 6, kwa hiyo cheti cha Tanzania sikukihitaji.

Lakini angalia hapa. Lau ningekuwa naomba Australia, miezi ile 14 ya Zanzibar ingenidai cheti, kwa sababu wao wanajumlisha vipande vyote. Vikifika miezi 12 ndani ya miaka 10, tangu ulipofika umri wa miaka 16, unatakiwa kukileta. Na kwa viza ya uhamiaji ya Marekani hakuna kikomo cha miaka 10: nchi nyingine uliyokaa mwaka mzima au zaidi tangu umri wa miaka 16, hata kama ni zamani, inahesabiwa. Hapo Maskati yangu ingerudi mezani. Ndiyo maana jirani aliyekwenda Australia anaweza kukuambia kweli tupu, na ikawa si kweli kwako.

Kutohitajika cheti si ruhusa ya kuificha nchi. Fomu ya historia, IMM 5669, inataka miaka 10 bila pengo hata la mwezi mmoja. Zanzibar niliiandika yote, na ile miezi niliyokaa Lamu bila kazi niliiandika pia.

Sasa kosa lililonigharimu zaidi. Nilipokuwa Dubai, Agosti 2019, nilitoa cheti cha polisi kwa simu, kirahisi kabisa, nikakiweka. Mkataba ukaisha Novemba nikarudi nyumbani. Miaka mitatu baadaye nakitoa kwenye bahasha, ndipo nikausoma mwongozo vizuri: cheti cha nchi uliyohama lazima kiwe kimetolewa baada ya kumaliza kuishi huko. Changu kilikuwa hakisemi lolote juu ya miezi mitatu ya mwisho. Ikabidi nianze upya nikiwa Kenya. Wewe kabla ya yote linganisha tarehe ya cheti na muhuri wako wa mwisho wa kutoka. Kama kimetolewa baada ya kuondoka na hukurudi kuishi tena, hakichakai, kitunze.

Ukiwa nje ya Ghuba, mzigo wote uko kwenye alama za vidole. Unachapwa vidole vyote 10 kwenye kadi katika ofisi ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya, kadi inapigwa mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha ya ubalozi wa nchi husika. Dubai maombi yenyewe nilijaza mtandaoni nikapakia kadi iliyothibitishwa. Doha nilimwandikia binamu yangu barua ya uwakilishi, akaipeleka pamoja na nakala ya pasipoti na ya kitambulisho changu cha zamani cha ukaazi. Hapo ndipo pasipoti iliyokwisha ilipofaa, maana kumbukumbu zao ziko kwa namba ile ya zamani. Kutoka Lamu hadi Nairobi ni boti mpaka Mokowe kisha basi la siku nzima, kwa hiyo chapisha kadi mbili mara moja na upitie balozi zote mbili safari moja.

Kadi yangu ya kwanza ya Doha ilirudishwa kwa kidole gumba cha kulia tu. Kila kidole kinatakiwa kuviringishwa kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi ukingo wa pili, mara moja, bila kurudi nyuma. Gumba langu liliteleza, mistari ikawa doa jeusi. Sisi tunaoosha vyombo, kushika chokaa au kukuna nazi kila siku, vidole vimelika. Paka mafuta usiku kwa wiki moja kabla, siku yenyewe nawa na ukaushe kabisa, usipake kitu. Wino ukikauka, itazame kadi kwenye mwanga kabla hujaondoka. Kama huwezi kufuata mistari kwa jicho lako, na wao hawataweza. Omba kadi nyingine hapo hapo.

Cheti cha Kenya kiache cha mwisho. Kwa nchi unayoishi sasa, Kanada inataka kiwe hakijapita miezi 6 siku unapotuma maombi. Changu nilikitoa Juni 2022, na Machi kilikuwa na miezi 9, nikalipa tena shilingi 1,050. Unaingia eCitizen, unachagua DCI, kisha `Police Clearance Certificate`, unalipa na kuchapisha fomu ya C24. Fomu hiyo ni karatasi moja, mbele na nyuma. Ukichapisha karatasi mbili utarudishwa. Nenda nayo pamoja na risiti, kitambulisho halisi na nakala yake. Kikiwa tayari unakipakua kwenye akaunti yako.

Ukipata mwaliko wa kuomba kupitia Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi, una siku 60 tu, na kadi ya vidole hadi Doha na kurudi inaweza kuzimaliza. Anza vya Ghuba leo, kabla ya mwaliko. Siku zikikubana na kimoja hakijafika, pakia mahali pake barua ya maelezo pamoja na ushahidi: risiti ya maombi, tarehe uliyotuma, barua pepe ulizoandika. Afisa ndiye ataamua kama atakusubiri, ila nafasi ile usiiache tupu, maana maombi yasiyokamilika hurudishwa.