Sura isiishie mhusika kalala

Watu wakinitumia sura zao nizisome, nakuta wengi wanazifunga kama mtu anafunga duka. Mhusika kala, kalia, kawaza maisha yake yote, kazima taa, kalala. Sasa msomaji naye si ataweka kitabu chini alale? Ruhusa umempa mwenyewe.

Ngoja nichukue sura yangu moja ya riwaya ninayoandika sasa hivi. Inatokea Kibaigwa, pale kwenye soko la mahindi, barabara ya Dodoma kwenda Morogoro. Chausiku ni karani wa mizani, mume wake Daudi kaaga anapeleka mzigo Mwanza na kapiga simu kwamba kafika tangu jana. Jioni Chausiku anapekua daftari la mizani anakuta mwandiko wa Daudi, tarehe ya leo. Drafti ya kwanza iliisha hivi:

"Chausiku alifunga daftari. Alijua sasa kwamba Daudi amemdanganya na kwamba maisha yao hayatakuwa kama zamani tena. Alilia sana. Hatimaye usingizi ukamchukua."

Kitu cha kwanza ninachofanyaga ni kuziba mistari ya mwisho kwa kiganja, naanza kupandisha juu sentensi moja moja, nauliza hapa ningeishia ingekuwaje. Mara nyingi mwisho mzuri ushaandikwa tayari, ila umefukiwa na maelezo. Hapa nilivyopandisha nikafika kwenye "mwandiko ulikuwa wa Daudi, tarehe ya leo", na yale mengine yote yakawa hayana kazi maana msomaji kashaelewa kwamba kuna uongo, hana haja ya kuambiwa tena. Neno kama "hatimaye" likitokea mistari ya mwisho mi huwa nashtuka kabisa, linafunga mlango.

Basi nikaishia kwenye mwandiko. Ni bora, lakini bado. Maana ile ni habari tu, Chausiku hajafanya kitu, na msomaji anaweza kukaa na habari mpaka kesho bila shida. Kinachomsumbua zaidi ni mtu aliyeanza jambo halafu hujui litaishia wapi. Ndo nikampa simu:

"Akampigia. 'Mwanza kunasemaje?'
'Mvua tupu, mke wangu.'
Adhana ya magharibi ikaanza, ikaingia dirishani. Ikaingia na kwenye simu. Katikati ya adhana, kote kuwili, kikohozi."

Angalia hizo "-ka-", akampigia, ikaanza, ikaingia, zinamsukuma mtu mbele, wakati "alijua kwamba amemdanganya" inamkalisha chini. Pia sikusema Daudi yuko Kibaigwa. Nikisema mimi nimemnyang'anya msomaji raha ya kugundua, na akigundua mwenyewe anataka kuhakikisha, kwa hiyo anafunua. Neno linalofichua nimeliweka mwisho kabisa. Ningeandika "kikohozi kilisikika katikati ya adhana kote kuwili" sentensi ingekuwa sahihi lakini ingepoa, maana kitu chenyewe kimetangulia.

Ila kikohozi hakiwezi kudondoka tu kutoka mbinguni. Ilibidi nirudi katikati ya sura, pale Chausiku anapima magunia mchana, nikaweka muadhini mzee anayekohoa kila siku palepale na wapagazi wanamtania. Mstari mmoja tu, unapita kama utani. Bila huo msomaji mkali ataniuliza, kwani Mwanza hakuna misikiti? Na ni kweli ipo, ila Mwanza iko magharibi zaidi, magharibi yao inaingia kama robo saa baada ya Kibaigwa, kwa hiyo anayejua hilo naye anapata cha kwake.

Kuna ule mtindo wa simulizi za kwenye makundi ya WhatsApp, "hakujua kwamba kesho yake ingekuwa siku mbaya kuliko zote, usikose sehemu ya tisa". Siupendi bana. Mwandishi anaingia mwenyewe kupiga debe kwa sababu tukio lenyewe halijavuta. Mbaya zaidi ni yule anayekatisha mlango unagongwa, sura inayofuata kumbe ni jirani kaja kuomba chumvi. Akifanya mara mbili msomaji hamwamini tena.

Deni ulilokopa mwisho wa sura lilipe. Unaweza kuchelewesha kidogo, mfano sura inayofuata ikaanza na Daudi kule alikojificha, kashika simu iliyokatwa, hajui kama kasikika. Hapo umechelewesha jibu na kesi imezidi kukua. Ukianza na utoto wa Daudi kurasa nne msomaji atazirusha, na akisharusha mara moja ataendelea kurusha.

Na usifanye hivi kila sura, mtu anachoka kushtuliwa. Sura iliyofuata mi niliimaliza na Chausiku anaomba nauli kwa mama mkwe, na mama mkwe anampa bila kuuliza anakwenda wapi.