Wavu wa mvuvi, upepo wa ziwa na jua la saa kumi na moja: jinsi ninavyosahihisha maelezo ya dizaini

Swali: "Wadau, nimeanza kusaidia kusahihisha studio ya usanifu wa majengo mwaka wa pili hapa Kisumu. Kila mwanafunzi analeta kurasa mbili za kueleza konsepti, saiti na kwa nini amechora alivyochora. Zote zinasomeka poa, sijui nitofautishe vipi aliyefikiria na aliyepamba. Nyinyi mnatoaje maki?"

Mimi huanza na michoro, karatasi baadaye. Ukianza na maandishi, ukifika kwa seksheni utaona kile ulishaambiwa utaona. Kwa hivyo naangalia plani na seksheni kwanza, naandika kwa penseli vitu vinne vitano ambavyo ni wazi huyu kijana aliamua mwenyewe, mlango umekaa huku, paa limeinama hivi, ukuta huu hauna dirisha, halafu ndio nafungua kurasa zake kuona kama amevitaja na amesema nini juu yavyo.

Kwa karatasi yenyewe natafuta mahali ambapo wazo, hali ya saiti na uamuzi vimekutana kwa sentensi moja au mbili. Wengi wanaandika aya moja tamu ya konsepti, aya ya pili imejaa data ya saiti, aya ya tatu maamuzi, na hakuna aya inayosalimia nyingine.

Nikupe moja niliyosahihisha, nimebadilisha kidogo asijulikane. Kazi ilikuwa maktaba ndogo ya mtaa, ploti iko Nyalenda. Konsepti: wavu wa mvuvi. (Zoea bana, Kisumu kila muhula utapata wavu, ngalawa na gugu maji.) Akaandika hivi: "Ukuta wa magharibi ni wavu wa bloku zenye matundu, unaokaribisha upepo wa ziwa na kuzuia jua." Ukisoma mbio hiyo ni A, maana wazo lipo, saiti ipo, uamuzi upo. Sasa ipime.

Upepo kwanza. Mchana nchi kavu inashika joto haraka kuliko maji, hewa inavutwa kutoka ziwani kuja mjini, na hapa kwetu ziwa liko magharibi na kusini magharibi, kwa hivyo kufungua upande huo ni sawa. Hapa huwa nabadilisha jina la mji kichwani. Ukipeleka hiyo sentensi Eldoret inakufa, hakuna ziwa la kuleta upepo, basi hiyo sehemu ni ya Kisumu kweli na nikampa maki. Lakini kuna mwingine aliandika "madirisha makubwa yataleta mwanga na hewa safi", hiyo inaishi Eldoret, inaishi Mombasa, inaishi popote, haina saiti ndani yake.

Sasa jua, na hapa ndio kazi ilikuwa. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua la adhuhuri liko juu ya kichwa au limeegemea kidogo, kaskazini mwezi wa sita, kusini mwezi wa kumi na mbili. Linalosumbua ni la asubuhi na la jioni. Saa kumi na moja jioni, karibu na Machi au Septemba, jua liko kama digrii 25 juu ya upeo na linapiga ukuta wa magharibi uso kwa uso. Matundu yake yalikuwa sm 15 kwa sm 15, bloku unene sm 10. Kivuli ambacho ukingo wa juu unatupa ndani ya tundu ni unene mara tan 25, yaani 10 × 0.47, kama sm 4.7. Tundu ni sm 15, basi karibu theluthi mbili ya jua linalofika kwa tundu linapita moja kwa moja, na plani yake ilionyesha meza za kusoma ziko hapo hapo nyuma ya ukuta, saa ile watoto wametoka shule ndio wanaingia maktaba.

Hesabu kama hiyo unaifanya kwa kikokotoo cha simu dakika moja, na inakuonyesha aliyepamba. Matundu kuwa makubwa si kosa la maelezo, hilo ni la mchoro. Kosa la maelezo ni kwamba upande mmoja unaleta upepo anaoutaka na jua asilolitaka, na yeye ameandika kana kwamba vyote viwili vinatii bila kugombana. Kwa kriti nikamuuliza kitu kimoja tu, ukizuia jua zaidi unapoteza nini? Akafikiria, akasema angefanya matundu ya sm 5 jua lingezuiwa lakini upepo ungebanwa.

Kurekebisha, akaacha bloku akaweka mapezi ya wima yaliyogeuzwa kuangalia kusini magharibi, na yanatokeza nje ya ukuta kwa kipimo sawa na nafasi kati ya pezi na pezi. Jua la magharibi kamili likija linagonga pezi, upepo wa kusini magharibi unapita. Halafu akaongeza sentensi ambayo ndiyo ilimpandisha: mwezi wa kumi na mbili jua linazama likiwa limeenda kusini, kwa hivyo karibu nusu yake litaingia, na amelikubali kwa sababu shule zimefungwa na jioni hizo maktaba haina watu wengi. Na konsepti haikufa. Mwanzoni wavu ulikuwa picha, ukuta unafanana na wavu basi. Sasa akaandika kwamba wavu unapitisha maji na kushika samaki, na ukuta wake unapitisha upepo na kushika jua. Hapo wazo linamwambia achore nini, hata kama ukuta wenyewe haufanani na wavu tena.

Kitu kingine, ukweli yatima. Huyo huyo aliandika kwa saiti kwamba udongo ni bleki koton na maji husimama mvua ya masika ikija, kisha hakurudi huko tena. Seksheni inaonyesha msingi wa kawaida na sakafu sm 15 juu ya ardhi. Udongo ule unafura ukilowa na kupasuka ukikauka, mtu akiutaja lazima kuwe na kitu kimebadilika kwa mchoro, ama umechimbwa na kujazwa maramu, ama sakafu imeinuliwa. Mwaka wa pili sitaki hesabu za msingi, sentensi moja inatosha. Lakini data iliyotajwa na haikutumika mimi siipi maki yoyote, hata iwe imechorewa grafu ya rangi.

Maki zangu kwa 20: wazo 4, saiti 4, zile 12 zote ni za kuunganisha, na ndani ya hizo 12 natenga 4 za kusema amepoteza nini. Huyu alianza na 9 akamaliza na 16. Hakupata zaidi kwa sababu ya ule udongo.

Kizungu kibovu usikikate maki kama maana inashikika. Na kama anaeleza vizuri kwa mdomo kuliko kwa karatasi, maki ya karatasi ibaki vile ilivyo, ila mwandikie pembeni maneno yake mwenyewe aliyosema kwa kriti, mara nyingi hiyo ndio aya aliyokuwa anaitafuta.