Tarehe ya matazamio: hedhi yasema hivi, altrasaundi yasema vile

Ukipangiwa kazi kliniki ya wajawazito, jambo litakalokusumbua mapema ni tarehe ya hedhi ya mwisho. Unahitaji siku damu ilipoanza kutoka. Wengi watakutajia siku ilipokatika, au siku walipoingoja isije. Mimi huuliza, "Mama, mara ya mwisho ulianza kuona siku zako lini?" Akikwama, namkumbusha sikukuu au mwisho wa mwezi. Kisha namuuliza kama damu ilikuwa ya kawaida yake, maana wengine huona matone kidogo mimba ikiwa tayari imetunga, wakadhani ni hedhi.

Kanuni yenyewe ya kukadiria tarehe ya kujifungua ni nyepesi: ongeza siku 7, halafu sogea mbele miezi 9. Mama aliyeanza hedhi 3 Juni anapata 10 Machi, yaani siku 280. Ila hesabu hii inamchukulia kila mwanamke kuwa na mzunguko wa siku 28, yai likitoka karibu na siku ya 14. Mama huyo wa 3 Juni alikuwa na mzunguko wa siku 35. Yai lake hutoka karibu na siku ya 21, kwa hiyo mimba ilitunga wiki moja baadaye kuliko kanuni inavyodhani.

Alipimwa altrasaundi 12 Agosti. Kwa hedhi alikuwa na wiki 10 kamili, lakini mtoto, akipimwa kutoka kichwani hadi matakoni, alikuwa na kama milimita 21 tu, urefu wa wiki 8 na siku 5. Tofauti ni siku 9. Kati ya wiki 9 na 13, tofauti ikizidi siku 7 tunafuata kipimo, hivyo tarehe yake ikawa 19 Machi. Ingekuwa siku 4 tungeiacha ya hedhi. Tunakiamini kipimo cha mapema kwa kuwa watoto wachanga kiasi hicho hukua karibu sawasawa, awe wa mama mfupi au mrefu.

Baadaye kila mtoto hushika njia yake, na hapo ndipo nilipokosea nikiwa mgeni kazini. Mama mwenye tarehe ya uhakika alipimwa akiwa na wiki 33, majibu yakasema wiki 31. Nikafuta, nikaandika tarehe mpya. Mkunga mkuu alichukua kadi ile, akapima kimo cha tumbo kwa futi, akaniuliza, "Umejuaje kwamba tarehe ndiyo mbovu? Je, kama ni mtoto ndiye hakui?" Baada ya wiki 28 hatugusi tarehe mpaka tofauti ipite siku 21, na hata hapo ukuaji wa mtoto huangaliwa kwanza. Tarehe yangu mpya ilikuwa imemfanya mtoto mdogo aonekane yuko sawa. Tulimpa rufaa siku hiyohiyo, na tarehe ya zamani ikarudishwa kwenye kadi.